Waliokosa Nafasi Kwenye Programu ya Vipaji Waambiwe Nini

Katika mabenki, kampuni za simu na mashirika makubwa ya Afrika Mashariki, programu za kuendeleza wafanyakazi wenye uwezo mkubwa zimeshazoeleka. Kundi dogo huchaguliwa, hupewa mafunzo, huzungushwa idara mbalimbali, na nafasi za uongozi zinapojitokeza, ndilo linaloangaliwa kwanza. Majina ya waliochaguliwa hutangazwa kwa shangwe. Waliobaki, ambao ndio wengi, mara nyingi hupata habari kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kabla ya kuambiwa na msimamizi wao.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Mtu aliyepata alama za juu kwenye tathmini ya mwaka anauliza kwa nini yeye ameachwa na aliye chini yake kwa alama amechukuliwa. Mwingine anauliza ni nani walikaa kikao na walitumia vigezo gani. Wa tatu haulizi chochote. Anaanza kupeleka wasifu wake kwa waajiri wengine. Majibu yasipotoka kwa mwajiri, yanatoka koridoni, na jibu la koridoni linajulikana: fulani amebebwa, ana mtu juu.

Makala hii inachambua ujumbe unaopaswa kuwafikia walioachwa: useme nini kuhusu vigezo, usiseme nini, na una uwezo gani wa kuwafanya waendelee kuipenda kazi yao. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya ubora wa ujumbe huu huamuliwa miezi kadhaa kabla haujaandikwa, pale vigezo vinapopangwa. Kigezo ambacho kamati haiwezi kukitamka mbele ya mtu aliyeshindwa hakitaokolewa na ufundi wa mwandishi wa barua.

Vipimo viwili vinavyochanganywa

Mkanganyiko mkubwa unatokana na programu hizi kupima mambo mawili yanayofanana kwa mbali. La kwanza ni utendaji, yaani kazi ambayo mtu ameshaifanya na inayoweza kuhesabiwa: mikopo iliyorejeshwa, wateja waliohudumiwa, hesabu zilizofungwa bila dosari. La pili ni uwezo wa kukua, ambao ni makisio kuhusu kazi ambayo mtu bado hajaifanya. Mfanyakazi anaifahamu vizuri tathmini ya utendaji kwa sababu huisaini kila mwaka. Makisio ya uwezo wa kukua hufanyika kwenye chumba ambacho yeye hayumo.

Chombo kinachotumika sana kuunganisha vipimo hivi ni jedwali la visanduku tisa. Upande mmoja huonyesha utendaji, upande mwingine uwezo wa kukua, na kila jina huwekwa kwenye kisanduku chake. Jedwali hilo lina asili yake katika kazi ambayo kampuni ya ushauri ya McKinsey iliifanyia General Electric ya Marekani miaka ya 1970, wakati kampuni hiyo ilipotaka kujua ni zipi kati ya biashara zake nyingi zilistahili kuongezewa mtaji. Baadaye wataalamu wa rasilimali watu walilichukua na kuweka watu mahali pa biashara. Asili hiyo inaeleza mengi. Lilitengenezwa kwa ajili ya mwekezaji anayegawa fedha, na hakuna aliyefikiria kwamba siku moja anayepangwa kwenye kisanduku angeuliza kwa nini amewekwa hapo.

Kuna sababu ya kweli ya kutotegemea utendaji peke yake. Watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza wauzaji katika kampuni za Marekani, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokuwa hodari zaidi wa kuuza ndio waliopandishwa kuwa mameneja kwa urahisi zaidi, lakini timu zao baadaye hazikufanya vizuri kama timu za mameneja waliotoka kwenye kundi la wauzaji wa kawaida. Kuuza ni kazi moja, na kuwaongoza wanaouza ni kazi nyingine.

Lakini watafiti haohao waliangalia pia kampuni kubwa ya maduka ya rejareja Amerika Kaskazini, na walichokikuta kinapaswa kumsumbua kila anayekaa kwenye kamati ya uteuzi. Wanawake walipewa alama za utendaji zilizo juu kuliko za wanaume, halafu wakapewa alama za chini kwenye uwezo wa kukua. Mwaka uliofuata wanawake hao walifanya kazi vizuri kuliko wanaume waliopewa alama sawa za uwezo. Makisio yalikuwa yamewapunja, na tathmini iliyofuata haikurekebisha kosa.

Kwa hiyo anayeandika ujumbe kwa walioachwa anasimama mahali pagumu. Anatetea kipimo ambacho kinahitajika, lakini ambacho pia ni rahisi kuingiwa na upendeleo kuliko vipimo vyote vya ofisini. Ujumbe unaokitaja kana kwamba ni mizani ya dukani unasema jambo lisilo kweli, na wafanyakazi wenye akili hulitambua.

Misimamo mitatu

Msimamo wa kwanza ni kukaa kimya. Orodha haitangazwi, waliochaguliwa huambiwa faraghani, na wengine hawaambiwi kwamba kulikuwa na uteuzi. Wanaoutetea husema hakuna haja ya kumwambia mtu kwamba ameshindwa mashindano ambayo hakujua kama ameingia. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo uteuzi ni mpango wa ndani wa kurithishana nafasi na hauambatani na mafunzo yanayoonekana. Udhaifu wake ni kwamba programu ya mafunzo haifichiki. Mtu anayetoweka tawini kwa wiki mbili, akarudi na kuhamishiwa makao makuu, ameshatangaza orodha bila kusema neno. Ukimya pia unawanyima waliochaguliwa nafasi ya kusema kwa fahari walichofanya kustahili, na hapo maneno ya kubebwa huwapata hata waliostahili kabisa.

Msimamo wa pili ni barua ya jumla. Wote walioomba au kupendekezwa hupata maandishi yaleyale: ushindani ulikuwa mkali, tunathamini mchango wako, tunakutakia mafanikio. Mwajiri hupenda njia hii kwa sababu ni ya haraka, inawatendea wote sawa, na mwanasheria hapati sentensi ya kutilia shaka. Tatizo ni kwamba barua hiyo ni ileile anayopelekewa mwombaji wa kazi kutoka nje. Mtu aliyefanya kazi hapo kwa miaka 7 anaisoma na kuona kwamba hakuna aliyelifungua faili lake.

Msimamo wa tatu ni maelezo ya mtu mmoja mmoja: vigezo vyote vimewekwa wazi, na kila aliyeachwa anaambiwa alipofika kwenye kila kigezo. Ndio wenye heshima zaidi na ndio wenye gharama zaidi. Unahitaji wasimamizi wanaoweza kuongea ukweli bila kuumiza, kumbukumbu za kamati zilizoandikwa vizuri, na muda. Ukifanywa na msimamizi asiyejua sababu halisi, unaweza kuleta madhara kuliko barua ya jumla, kwa sababu sasa mtu ameambiwa jambo la uongo kuhusu nafsi yake.

Maelezo yanabadilisha nini hasa

Ushahidi unaofaa zaidi kwenye suala hili unatoka mbali na programu za vipaji. Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha utafiti kuhusu viwanda vya kampuni moja ya Marekani iliyokuwa imepoteza mikataba. Katika viwanda viwili mishahara ilikatwa asilimia 15 kwa wiki 10. Kwenye kiwanda kimoja wafanyakazi waliitwa kwenye mkutano mrefu, wakaonyeshwa hesabu, wakaelezwa kwa masikitiko ya kweli na kuruhusiwa kuuliza maswali yote. Kwenye kingine walipewa taarifa fupi na kuachwa warudi kazini. Kiwanda cha tatu hakikukatwa kitu. Wizi wa mali za kampuni uliongezeka kwenye viwanda vyote viwili vilivyokatwa, lakini palipotolewa taarifa fupi uliongezeka zaidi sana. Makato yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni maelezo.

Tukiupeleka utafiti huo kwenye suala letu, tunapata somo moja na tahadhari moja. Somo ni kwamba mtu huweza kubeba matokeo mabaya kama ameona njia iliyoyaleta. Tahadhari ni kwamba makato yale yalikuwa ya wote na ya muda. Kuachwa kwenye uteuzi ni jambo la mtu mmoja, na linagusa sifa yake. Aliyekatwa mshahara pamoja na wenzake anaweza kulalamikia soko. Aliyeachwa hubaki akijiuliza kuhusu nafsi yake.

Hapo ndipo unapoingia uchambuzi wa Avraham Kluger na Angelo DeNisi wa mwaka 1996, waliokusanya matokeo ya majaribio mengi kuhusu kumpa mtu mrejesho wa kazi yake. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, utendaji ulishuka baada ya mrejesho. Maelezo yao ni kwamba mrejesho huharibu unapoyahamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyaelekeza kwenye thamani yake yeye. Sentensi kama "bado hujaonyesha sifa za kiongozi" inamfanya mtu ajitazame. Sentensi kama "kwenye zoezi la maamuzi, kazi zote tano ulizifanya mwenyewe na hukumgawia yeyote" inamfanya aitazame kazi. Ya pili ni kali zaidi kwa maana fulani, kwa sababu haina pa kujificha, lakini inamwachia kitu cha kushika.

Benki ya mfano na watu watatu

Tuchukue mfano wa kubuni. Benki moja yenye matawi 40 inaanzisha programu ya miezi 18 ya kuandaa mameneja wa matawi. Nafasi ni 12, kwa kuwa kila mshiriki atakaa kwenye idara tatu za makao makuu chini ya mlezi, na idara hizo haziwezi kupokea watu zaidi. Sharti la kuingia ni miaka mitatu ya utumishi, tathmini mbili za mwaka zisizopungua alama 4 kati ya 5, na kukubali kuhamishiwa mkoa wowote. Wanaopita sharti hilo wanapimwa kwa alama 100: zoezi la maamuzi la nusu siku lina 40, mahojiano ya kamati 30, na maoni ya wasimamizi wawili 30. Wafanyakazi 60 wanapimwa. Wa 12 anapata alama 71.

Mtu wa kwanza ni msimamizi wa makeshia aliyepata 70. Yeye ni wa 13. Mtu wa pili ni afisa mikopo ambaye orodha yake ya madeni ndiyo safi kuliko zote kwenye kanda, lakini amepata 55 kwa sababu ya zoezi la maamuzi. Mtu wa tatu ni mhasibu wa tawi mwenye tathmini nzuri, ambaye hakupimwa kabisa: alijaza kwamba hawezi kuhama kwa sasa, kwani anamlea mzazi mgonjwa.

Watu hawa watatu wamekosa programu ileile siku ileile, na kila mmoja anastahili ujumbe wake.

Kwa yule wa 13, ukweli ni kwamba tofauti ya alama moja haina maana. Wajumbe wawili wa kamati wanaomsikiliza mtu yuleyule kwenye chumba kimoja hutofautiana kwa zaidi ya hapo. Kama siku ya mahojiano ingekuwa nyingine, huenda angekuwa wa 11. Mwajiri mwaminifu anamwambia hivyo: ulifikia kiwango, nafasi zikaisha. Kumtafutia kasoro ya kuhalalisha alama moja ni kosa ninalolichukia kuliko yote katika shughuli hii, kwa sababu mtu huyo atautumia mwaka mzima kurekebisha kitu ambacho hakikuwa na hitilafu.

Kwa afisa mikopo, pengo ni la kweli na lina jina. Anafanya kazi yake vizuri sana kwa mikono yake mwenyewe. Zoezi lilimpa tawi lenye wafanyakazi sita na matatizo matano kwa wakati mmoja, naye akayashughulikia matatizo peke yake, moja baada ya jingine, muda ukaisha mawili yakiwa hayajaguswa. Anapaswa kuambiwa hilo, na kuambiwa pia jambo ambalo wengi husahau: kwamba kazi yake ya sasa haijashuka thamani. Kama benki ina ngazi ya juu ya ubingwa wa mikopo isiyohitaji kusimamia watu, huu ndio wakati wa kumwonyesha. Kama haina, isijifanye inayo.

Mhasibu ndiye anayehitaji uangalifu mkubwa zaidi. Yeye hakushindwa kipimo. Kigezo kilimfungia mlango. Kwa Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja katika sera na taratibu za ajira, na mafunzo na maendeleo ya wafanyakazi yamo ndani yake. Miongoni mwa misingi iliyokatazwa ni jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Sharti la kuhama linaweza kuwa halali kabisa kama kweli meneja wa tawi lazima ahamehame. Lakini mwajiri anapaswa kuwa tayari kuonyesha kwamba kazi yenyewe ndiyo inayolidai, na kwamba halikuwekwa kwa mazoea tu. Kabla ya kumwandikia mhasibu, kamati ijiulize: kwenye matawi 40, ni mameneja wangapi walihamishwa nje ya mkoa wao katika miaka mitano? Kama ni wachache, kigezo ndicho kinachohitaji kurekebishwa, na hakuna ujumbe utakaokitetea vizuri.

Lipo pia kundi la nne lisiloonekana kwenye mafaili: wale ambao msimamizi wao hakuwapendekeza. Programu nyingi huanza kwa mapendekezo ya wasimamizi, na aliyeachwa hapo hapati barua yoyote kwa kuwa kamati haina jina lake. Msimamizi anayemhitaji sana mfanyakazi wake hodari ana sababu ya kutompendekeza. Njia rahisi ya kupunguza tatizo hili ni kumruhusu kila anayetimiza sharti la kuingia ajipendekeze mwenyewe, na kumtaka msimamizi aandike sababu anapopinga. Hapo kundi hilo linakuwa na jina, na lenye jina linaweza kujibiwa.

Barua na mazungumzo

Ujumbe mzuri una sehemu mbili zinazokwenda kwa mpangilio. Kwanza mazungumzo ya ana kwa ana na msimamizi, ambayo hufanyika kabla majina ya waliochaguliwa hayajatangazwa. Kisha barua fupi inayoandika yaleyale yaliyosemwa. Mpangilio ukigeuzwa, mazungumzo yanakuwa ya kuzima moto. Katika ofisi nyingi za Tanzania barua huandikwa kwa Kiingereza na maelezo hutolewa kwa Kiswahili, na mambo mawili tofauti husemwa. Ni bora barua iwe katika lugha ambayo mazungumzo yalifanyika, ili mtu asije akashika karatasi inayopingana na alichosikia.

Kwa yule msimamizi wa makeshia, barua ingeweza kusomeka hivi:

"Ndugu, kama tulivyozungumza jana, hujapata nafasi kwenye programu ya kuandaa mameneja wa matawi mwaka huu. Wafanyakazi 60 walipimwa kwa ajili ya nafasi 12. Vigezo vilikuwa vitatu: zoezi la maamuzi alama 40, mahojiano 30 na maoni ya wasimamizi 30. Ulipata alama 70. Aliyeshika nafasi ya mwisho alipata 71. Kamati haikuona upungufu unaokuzuia, na tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haisemi lolote kuhusu uwezo wako. Alama zako zitatambuliwa kwenye uteuzi ujao bila kurudia zoezi, na ukipenda kupimwa upya unaruhusiwa. Ukiona kuna kosa kwenye kumbukumbu zako, mwandikie mkuu wa rasilimali watu ndani ya siku 14. Mapitio yatafanywa na mtu ambaye hakuwa kwenye kamati."

Mambo machache kwenye barua hii yanastahili kuangaliwa. Habari yenyewe imetajwa kwenye sentensi ya kwanza, bila kupitia sifa nyingi ambazo msomaji angeziruka akitafuta neno "lakini". Idadi ya nafasi imetajwa kwa sababu nusu ya jibu iko hapo: benki haiwezi kupokea zaidi ya watu 12. Kinachoahidiwa ni kitu ambacho mwandishi ana mamlaka nacho, yaani kutambua alama. Hakuna ahadi ya kuchaguliwa mwakani. Na kuna njia ya kukata rufaa inayokwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu rufaa inayorudi kwa walewale walioamua hakuna atakayeiamini.

Kwa afisa mikopo, alama inaweza kutajwa lakini isiwe kichwa cha habari. Kinachobeba ujumbe ni kile kilichoonekana kwenye zoezi, na kazi moja ya kweli atakayopewa ili ajifunze, kwa mfano kuongoza timu ya ukusanyaji madeni ya watu wanne kwa robo mbili za mwaka, huku mtu akitajwa wa kumfuatilia. Kama kazi hiyo haipo, ni afadhali barua isitaje maendeleo yoyote. Mfanyakazi aliyeahidiwa "mpango binafsi wa maendeleo" na asiuone hadi mwaka unaisha amevunjwa moyo mara mbili.

Kwa mhasibu, barua iseme wazi kwamba hakupimwa, sababu yake ni sharti la kuhama, na hali yake ikibadilika atapimwa bila kuulizwa kwa nini alikataa awali. Sababu za kifamilia zisiandikwe kwenye barua wala kwenye kumbukumbu za kamati. Benki haizihitaji ili kuamua, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamtaka mwajiri akusanye taarifa zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa, si zaidi. Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi haki ya kuona taarifa zake zinazohifadhiwa. Kila mjumbe wa kamati aandike maoni akijua kwamba anayeandikwa anaweza kuyasoma.

Gharama za uwazi

Hoja nzito zaidi dhidi ya uwazi ni kwamba kigezo kinachojulikana huanza kukimbiliwa. Watu wakijua zoezi la maamuzi lina alama 40, watalifanyia mazoezi, na wenye marafiki waliowahi kulifanya watapata siri zake mapema. Hii ni kweli, na ni sababu ya kubadilisha maswali ya zoezi kila mwaka na kuwapa wote mfano wa mwaka uliopita. Haitoshi kuwa sababu ya kuficha kwamba zoezi lipo. Kujifunza kugawa kazi kwa ajili ya kufaulu zoezi bado ni kujifunza kugawa kazi.

Gharama ya pili ni usiri wa wengine. Aliyeachwa atauliza: na yule wa tawi la jirani alipata ngapi? Hapa uwazi una mpaka. Alama za mtu ni zake, na alama ya mwisho ya kupita inatosha kumwonyesha mtu aliposimama. Kwenye kundi dogo hata hiyo inaweza kufichua jina, na hapo itajwe kiwango cha jumla tu.

Gharama ya tatu inawaangukia wasimamizi. Mazungumzo 48 ya dakika 30 ni saa 24 za kazi, mbali na maandalizi. Wengi wao hawajawahi kufundishwa kusema jambo gumu, na wakiachwa peke yao watakimbilia kulaumu makao makuu: "mimi nilikupigania, wao ndio walikataa." Sentensi hiyo inampa msimamizi unafuu wa siku moja na kumwachia mfanyakazi imani kwamba kampuni haimtaki. Kwa hiyo kila msimamizi apewe ukurasa mmoja wenye alama, kile kilichoonekana, na ahadi zinazoruhusiwa kutolewa, na ausome mbele ya afisa rasilimali watu kabla ya kuingia kwenye mazungumzo.

Kupima misimamo yenyewe

Nikiiweka misimamo mitatu pamoja, ukimya naukataa kwa programu yoyote inayoonekana. Barua ya jumla ina mahali pake: inawafaa wale waliokosa sharti la kuingia lisilo na ubishi, kama miaka ya utumishi, maana hapo hakuna tathmini ya kueleza. Kwa kila aliyepimwa, mwajiri ana deni la maelezo yake binafsi, na kama hawezi kulilipa kwa watu 60, apunguze idadi ya wanaopimwa kwa kuweka sharti la kuingia linaloeleweka mapema. Kuwapima watu mia ili programu ionekane na ushindani, kisha kuwajibu kwa barua moja, ni kutumia muda na matumaini yao kwa faida ya kampuni.

Njia ya kujua kama ujumbe umefanya kazi ipo, na haihitaji dodoso. Baada ya miezi 12, angalia wangapi kati ya walioachwa wameacha kazi, ukilinganisha na wenzao wa ngazi ileile ambao hawakuomba. Angalia wangapi wameomba tena. Kama waliokaribia mstari hawaombi tena, hawakuamini walichoambiwa. Kama waliokuwa mbali wanaomba tena bila kubadilisha chochote, hawakuelewa walichoambiwa. Angalia pia rufaa: programu isiyopata hata moja kwa miaka miwili huenda ina vigezo safi, au huenda ina watu wanaoogopa kuandika, na tofauti ya hayo mawili inajulikana kwa kuwauliza walioacha kazi, siku ya mwisho, faraghani.

Liko swali moja ambalo uchambuzi huu hauwezi kulifunga. Mtu aliyepimwa mara tatu na kuachwa mara tatu kwa sababu ileile anapaswa kuambiwa kwamba njia hiyo haielekei kumfungukia. Wengi wanaona huo ni ukatili. Naona mwajiri anayelijua jambo hilo na kulinyamazia anachukua miaka ya mtu bila idhini yake. Lakini kwa kuwa makisio ya uwezo wa kukua yameonekana kuwapunja watu kwa makundi mazima, asimwambie hivyo mpaka kamati nyingine, isiyojua matokeo yake ya awali, iwe imempima na kufika mahali palepale.